Mteja kaongea kwa voisi, dizaina anataka maandishi: maelezo ya kava la menyu yanaandikwaje

*"Shikamoo kaka. Mimi nina kisteshenari hapa Dodoma, napokea oda za kuprinti, kazi za kudizaini namtumia kijana mmoja yuko Mwanza. Kuna mama anafungua mgahawa kanitumia voisi anataka kava la menyu, anasema liwe kali, liwe na asili yetu ila lisiwe na mambo mengi. Nikamforwadia dizaina voisi kama ilivyo, karudisha kava limejaa ngoma, ngao na mikuki, mama kakataa katakata. Sasa nataka nimwandikie dizaina maelezo ya kueleweka, naanzia wapi na niandike nini?"*

Marahaba mdogo wangu. Huyo kijana wa Mwanza usimlaumu sana, kasikia "asili yetu" akaweka vitu vya asili, ungetaka afanyeje? Voisi ya mteja siyo maelezo ya kazi, ni mtu anawaza kwa sauti, na ndani yake mambo ya aina tatu yamechanganyika. Kuna vitu anavyotaka kuviona, kuna sifa tu kama "kali" na "kisasa", halafu kuna kitu anachokiogopa. Ukiforwadi hivyo hivyo dizaina anadaka yale majina ya vitu maana ndiyo yanayochoreka, sifa anazijazia anavyojua yeye, na ile hofu wala haisikii, wakati mara nyingi hofu ndiyo iliyomfanya mteja aamue kutoa hela.

Kwa hiyo kwanza kaa chini uiandike hiyo voisi neno kwa neno, usiifupishe, hata yale ya "yaani unanielewa" yaache. Nikupe mfano wa mama mmoja wa Ipagala niliyemfanyia kazi kama hiyo hiyo yako, voisi yake ukiiandika inasomeka hivi:

"Baba nataka kava la menyu, liwe kali, la kisasa lakini lenye asili yetu ya huku. Rangi ziwe za zabibu zabibu hivi. Uniwekee mbuyu, nyama choma, na ile michoro ya Kondoa si unaijua. Ila sitaki mambo mengi. Yaani mtu akilishika tu ajue hapa siyo kwa mama ntilie."

Ukishaiona kwenye maandishi unaona shida iko wapi. Kaomba vitu vinne, halafu hapo hapo kasema hataki mambo mengi. Huo ugomvi usiuamue wewe kichwani na usimtupie dizaina, kwa sababu yeyote kati yenu akiamua mama atasema sikusema hivyo, na atakuwa sahihi. Anayeuamua ni mama mwenyewe, ila inabidi umuulize vizuri.

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, tunampigia mteja tunamuuliza "mama unapenda rangi gani, unataka staili gani". Hilo swali la kidizaini, yeye ni mtu wa chakula, atakujibu chochote ili mradi simu ikatike. Muulize mambo ya mgahawa wake. Huyu wa Ipagala niliuliza nani anakaa pale saa saba mchana siku ya kazi, akasema ni watu wa maofisini, wengine wanatoka Mtumba huko na wageni wao, Bunge likiwa linakaa ndiyo wanajaa zaidi. Nikauliza hao watu wanalalamika nini, akacheka, akasema kuna mmoja aliangalia ile menyu yake ya karatasi moja iliyolaminetiwa, imepauka, akamuuliza "mama hii bei ni ya kweli?". Sasa hapo ndiyo unapata ile habari ya mama ntilie. Hana dharau na mama ntilie (yeye mwenyewe ndiko alikoanzia), anachoogopa ni bei yake kuonekana kubwa kuliko kitu mteja alichoshika mkononi, na hiyo hofu haiponi kwa kuongeza picha. Inapona kwa karatasi nzito, nafasi iliyoachwa wazi, na maandishi machache yaliyokaa sawa.

Swali la pili ndilo linalolipa kuliko yote: "mama, nikikuachia kitu kimoja tu kwenye hilo kava, kibaki kipi?" Halafu unyamaze, usimsaidie kujibu. Akasema mbuyu. Kwa nini? Kwa sababu kuna mbuyu mkubwa pale nje na watu wakielekezana kwa simu wanasema tukutane pale kwenye mbuyu. Si umeona, mbuyu kumbe haukuwa pambo la "asili yetu", ni anwani ya mgahawa! Na mbuyu wenyewe siyo mbuyu wowote wa kudauniloda mtandaoni, ni ule ule wenye shina lililogawanyika chini, kwa hiyo nikamwambia aupige picha asubuhi kabla jua halijawa kali, aupige mzima kuanzia chini mpaka juu, na picha aitume WhatsApp kama Document ili isibanwe. Wewe mama wako anaweza asiwe na mbuyu, lakini kuna kitu watu wanakitaja wakielekezana kwake, au chakula kimoja ambacho kikiisha wanaondoka. Kitafute hicho.

Vile vingine vitatu hatukuvitupa, tulivipa kazi nyingine, na nakuomba ushike hapa maana ndipo maelezo yanapotengenezwa. Kila neno la mteja likabidhi kazi moja: ama liwe picha, ama liwe namna picha inavyochorwa, ama liwe rangi, ama liende kwenye karatasi, ama lihamie kurasa za ndani. Mbuyu ukawa ndiyo picha. Michoro ya Kondoa ikawa namna ya kuchora, yaani mbuyu usiwe foto na usiwe katuni, uchorwe kwa rangi moja iliyojaa, kingo zisizonyooka, kama umepakwa kwa kidole juu ya jiwe. Nyama choma ikaenda ndani, ukurasa wa kwanza wa vyakula, maana ukiweka foto ya nyama kwenye kava unarudi kule kule kwenye bango la baa.

Hiyo michoro ya Kondoa nayo ina mtego wake. Ukimwandikia dizaina "michoro ya mapangoni" atasachi mtandaoni atakuletea ya Afrika Kusini au ya Sahara, na yeye hajui tofauti. Ile ya kwetu ya Kolo, njia ya kwenda Babati, ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, mingi inayojulikana ni ya rangi nyekundu ya udongo, watu warefu wembamba na wanyama, na kuna mingine ya rangi nyeupe ambayo ni ya karibuni zaidi. Mtumie picha mbili tatu uandike kabisa ni kipi unachokitaka kutoka humo: rangi moja na mistari ya mkono. Pia uandike usichokitaka, yaani asikopi wale watu wenyewe akawapanga kwenye kava la chakula. Picha ya mfano bila maneno inaongeza tatizo, dizaina anaweza kukopi kitu ambacho wewe hata hukukiangalia.

Rangi ya zabibu sasa. Zabibu gani? Dodoma hapa kuna nyekundu na kuna nyeupe ambayo kusema ukweli ni kijani, na juisi yake, na mvinyo, vyote rangi tofauti. Usiulize kwa simu, mwambie apige picha kitu chenye hiyo rangi anayoiwaza. Yule mama alipiga picha kitenge chake, ni ile damu ya mzee iliyokolea, ya zambarau hamna kabisa. Tungeenda na neno "zabibu" peke yake tungeletewa zambarau, na zambarau kali ndiyo inayowaumiza watu kwenye kuprinti, kwenye simu inang'aa lakini ikitoka kwenye karatasi imepoa, maana skrini inatengeneza rangi kwa mwanga (RGB) na mashine inatengeneza kwa wino (CMYK), kuna rangi wino hauzifikii. Kwa hiyo kwenye maelezo andika rangi kwa kitu kinachoonekana, halafu omba faili la CMYK, na mteja asipitishe rangi kwa kuangalia simu, mprintie nakala moja aishike.

Tulikubaliana kava lote liwe na rangi ya jiwe jeupe lililochafuka kidogo, na mbuyu uwe damu ya mzee. Hiyo siyo kwa sababu ya uzuri tu. Kadi nzito ukiikunja wino unapasuka kwenye mkunjo, na kava likiwa jeusi au la damu ya mzee lote unaona mstari mweupe katikati, ndani ya wiki mbili linaonekana kuukuu. Na laminesheni isiyong'aa juu ya rangi nzito inaonyesha kila alama ya vidole na mikwaruzo, sasa fikiria mtu katoka kula mbavu. Juu ya rangi nyepesi hayo yote hayaonekani sana, vumbi na mafuta yanafutika na kitambaa kibichi.

Kabla hujaandika saizi kamuulize anayeprinti, au kama mashine ni yako iangalie. Menyu ya A4 inayofunguka ni karatasi ya A3 iliyokunjwa, milimita 420 kwa 297. Rangi ikifika mpaka ukingoni lazima dizaina aongeze milimita 3 kila upande za kukatia, wenyewe wanaita blidi, faili linakuwa 426 kwa 303, na hilo haliingii tena kwenye A3, linataka karatasi ya SRA3 ambayo ni 320 kwa 450. Mashine yako kama mwisho wake ni A3 basi ama uache ukingo mweupe kwa makusudi, ama upunguze saizi. Hili likigundulika baada ya dizaini kukamilika ndipo unaona watu wanaibana dizaini kwa asilimia, maandishi yanakaribia kisu, na lawama zinaanza.

Baada ya hayo yote ndiyo unaandika. Haya ndiyo niliyomtumia dizaina, jina la mgahawa nimelitoa:

> Kazi: kava la menyu ya mgahawa, Ipagala, Dodoma. Mbele na nyuma tu, kurasa za ndani ni karatasi za kuchomeka, zitafanyika baadaye.
>
> Watakaolishika: watu wa maofisini na wageni wao, mchana, mezani. Akilishika aone bei zilizopo ndani zinastahili. Sasa hivi menyu ni karatasi moja iliyopauka na wateja wanashangaa bei.
>
> Picha: mbuyu mmoja tu, ni huu kwenye foto niliyoambatanisha (angalia shina linavyogawanyika chini, libaki hivyo, wateja wanaujua). Uchorwe kwa rangi moja iliyojaa, kingo za mkono, kama umepakwa juu ya jiwe. Foto mbili za michoro ya Kolo ni kwa ajili ya kuona aina ya mstari peke yake, watu na wanyama wa humo usiwachore.
>
> Rangi: mbili tu. Mbuyu na maandishi ni damu ya mzee kama kitenge kwenye foto. Kava lote mbele na nyuma ni rangi ya jiwe jeupe. Dhahabu hapana, kivuli hapana.
>
> Maandishi ya mbele: jina la mgahawa peke yake, lisomwe na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Nyuma: namba ya simu na neno "Ipagala, Dodoma", madogo, chini. Herufi zote nimezituma kwa meseji, kopi kutoka huko.
>
> Nafasi: angalau nusu ya kava la mbele ibaki wazi.
>
> Visiwepo: foto ya chakula, uma na kisu, ngoma, ngao, bei, saa za kufungua.
>
> Uamuzi wako: fonti, mbuyu ukae wapi, uonekane wote au ukatwe na ukingo.
>
> Saizi: 420 kwa 297 mm ikiwa wazi, inakunjwa katikati kuwa A4, ongeza 3 mm kila upande. Nyuma ni nusu ya kushoto, mbele ni nusu ya kulia. Maandishi yasikaribie ukingo wala mkunjo chini ya 10 mm. Kadi ya gramu 300, itapigwa alama ya kukunjia, laminesheni isiyong'aa.
>
> Kuleta: kwanza michoro miwili ya harakaharaka ya penseli, bila rangi. Tukichagua mmoja ndiyo uendelee. Mwisho PDF ya CMYK, picha zilizomo 300 DPI.

Angalia kwamba maneno "kali" na "kisasa" hayamo humo, na hakuna aliyeyakumbuka. "Kali" ikawa mbuyu mmoja mkubwa wa rangi moja. "Kisasa" ikawa nusu ya kava kubaki wazi. Kila sifa aliyoitaja mteja jiulize, mtu akipita na kava mkononi hiyo sifa nitaiona kwa macho kwenye nini? Usipopata jibu hujamuuliza vya kutosha, mpigie tena.

Ile sehemu ya uamuzi wake usiiruke ukidhani ni adabu tu. Ukimpangia dizaina mpaka fonti na sehemu ya kuweka mbuyu, unalipia mikono tu, na kikitoka kibaya atakwambia ndivyo ulivyosema. Ukimwachia kila kitu ndiyo unapata ngao na mikuki. Mpe ukuta na mwachie chumba.

Na bei zisikae kwenye kava wala sehemu yoyote iliyoprintiwa humo humo, kuku akipanda utaprinti upya kadi za gramu 300 zote, hasara hiyo ya nini.

Ukimaliza kuandika usimtumie dizaina kwanza. Kuna majaribio mawili. La kwanza msomee mtu ambaye hakusikia voisi, hata huyo dada wa fotokopi hapo dukani, muombe akuelezee kava analoliona kichwani. Akikwambia "mbuyu mkubwa mwekundu mweusi hivi, pembeni patupu" umefika. Akianza "labda kuna..." ile sentensi ya hapo imelegea, irekebishe. La pili mrudishie mama mwenyewe, na kwa sababu yeye ni mtu wa voisi usimtumie maandishi marefu hatayasoma, msomee kwa voisi. Atajibu "sawa baba, ila..." na hiyo "ila" ndiyo ya kusubiri. Yule wangu alisema "ila nyama choma mbona siisikii?", nikamwambia iko ndani ukurasa wa kwanza picha kubwa, akasema hapo sawa. Ingekuja baada ya dizaini kukamilika tungebandika mbavu kwenye mbuyu.

Dizaini ya kwanza ikirudi na mama akasema "haijakaa vizuri", usimpelekee dizaina hilo neno. Muulize mama jicho lake linaanzia wapi na linakwama wapi. Wangu alisema jina analiona baada ya matawi, hilo sasa ni agizo: jina lishuke au mbuyu upunguzwe juu. Marekebisho mkubaliane mapema ni mara mbili ndani ya bei, ya tatu inalipiwa, na mama alijue hilo kabla hajalipa advansi.

Kwa kazi yako ya sasa usimtumie dizaina lile kava la ngao na kumwambia "rekebisha", atatoa mikuki ataacha ngao. Anza upya na mteja kwa lile swali la kitu kimoja. Na umuulize pia kama ana logo, maana wengi wanayo ila ipo kwenye picha ya profaili tu au kwenye fulana za wahudumu. Kama hana faili lenyewe la Illustrator, SVG au PDF, mwambie mapema kwamba itabidi ichorwe upya na hiyo ni bei nyingine pembeni, usije ukaimeza wewe kwenye hela ya kava.